Faili la .bat la kudondoshea folda: tuwape wenzetu, au tuwafundishe amri?

Swali: *Wenzangu saba ofisini wanapiga picha za miradi kwa iPhone. Zinakuja HEIC, na mfumo wetu wa ripoti unapokea JPG tu. Nataka kuandika faili la .bat likae kwenye deskitopu, mtu adondoshe folda juu yake basi. Mwenzangu anapinga, anasema ni hatari kumpa mtu amri asiyoielewa. Mnasemaje?*

Mhasibu, Kisumu: Namuunga mkono huyo mwenzako. Hizi .bat hazijui majina yenye nafasi. Folda ikiitwa "Picha za Machi" inasoma "Picha" peke yake na kukwama. Utawalazimisha watu saba waandike majina kwa mistari ya chini, na hawatafanya hivyo.

Fundi kompyuta, Arusha: Ndugu mhasibu, tatizo hilo lipo, ila ni la mwandishi wa faili, si la wale saba. Njia ikizungushiwa alama za nukuu kila inapotajwa, nafasi hazina shida. Hili nalitumia na programu ya picha iitwayo ImageMagick:

```
@echo off
if "%~1"=="" goto kosa
if not exist "%~1\" goto kosa
if not exist "%~1\JPG" mkdir "%~1\JPG"
for %%F in ("%~1\*.heic") do magick "%%F" -quality 85 "%~1\JPG\%%~nF.jpg"
explorer "%~1\JPG"
exit /b
:kosa
echo Dondosha folda moja juu ya faili hili.
pause
```

`%~1` ni folda iliyodondoshwa, ikiwa imevuliwa nukuu zake ili nizivishe mwenyewe. Mstari wa pili nauomba usiufute. Mtu akibofya mara mbili bila kudondosha kitu, `%~1` ni tupu, na `"%~1\"` inabaki `"\"`, yaani mzizi wa diski. Mzizi upo siku zote, kwa hiyo ukaguzi wa mstari wa tatu unapita, na faili linakwenda kutafuta picha pale. Mimi nililigundua nilipokuta folda ya JPG mahali ambapo hakuna aliyeiweka.

Kilichobaki cha nukuu ni alama ya `&`. Windows inaweka nukuu njia ikiwa na nafasi tu, kwa hiyo folda iitwayo "Mwanza&Mara" inafika imekatika. Hiyo moja waambie waiepuke.

Mwalimu wa sayansi, Tanga: Mimi nilidondosha folda moja kwa moja kutoka kwenye simu iliyounganishwa kwa waya, ikakataa kabisa. Hilo .bat lina kasoro?

Fundi kompyuta, Arusha: Hapana, mwalimu. Picha zikiwa bado ndani ya simu hazina njia ya diski ambayo .bat inaweza kuisoma. Nakili folda kwenye kompyuta kwanza.

Mhasibu, Kisumu: Sawa, nukuu nimekubali. Lakini hofu yangu kubwa haijajibiwa. Kwetu mtu aliandika faili kama hilo la kupunguza picha za JPG, akatumia amri ya `mogrify` ya ImageMagick. Picha zote zikashuka hadi upana wa pikseli 1200 juu ya zile za awali. Tulipotaka kuchapisha bango, pikseli 1200 kwa nukta 300 kwa inchi ni sentimita 10 tu. Hakukuwa na nakala nyingine. Aliyedondosha hakujua, na asingeweza kujua.

Fundi kompyuta, Arusha: Hapo umesema kweli, dada, na ndiyo sababu langu linaandika kwenye folda ya JPG na kuacha za awali kama zilivyo. `mogrify` ya namna hiyo inaandika juu ya faili lenyewe, wala haiulizi. Mtu asiyejua amri asipewe kamwe kitufe kinachoharibu. Nakubaliana na hofu yako, sikubaliani na dawa yako: hata ukimfundisha amri, akikosea herufi moja atapoteza picha zilezile.

Mhasibu, Kisumu: Aliyejifunza atajua kuna hatari na atanakili kwanza. Aliyezoea kudondosha hatanakili.

Aliyeuliza: Nimelijaribu leo kwa folda ya picha 40, zimetoka zote, na folda ya JPG ilipojifungua yenyewe mwenzangu aliyepinga alinyamaza. Ila tumekwama hapa: picha za simu mbili zimewekwa kwenye folda ndogo mbili ndani ya folda moja. Nikidondosha ile kubwa, inafunguka JPG tupu.

Fundi kompyuta, Arusha: `for` ya namna hii haiingii folda za ndani. Ukiandika `for /r "%~1" %%F in (*.heic)` itaingia, lakini simu zote mbili zinaweza kuwa na IMG_0001, na ya pili itafuta ya kwanza ndani ya JPG. Mimi ningewaambia wadondoshe folda ndogo moja moja.

Mwalimu wa sayansi, Tanga: Au jina la folda ndogo litangulie jina la picha?

Mhasibu, Kisumu: Mnaongeza mistari, na anayedondosha bado hajui kinachoendelea ndani.