Kiungulia kimeisha lakini ugali unakwama. Hii bado ni asidi?

Dereva_wa_Same: Habari za jioni wakuu. Nina miaka 47, naendesha lori. Tangu mwezi wa nne nahisi kama tonge limekaa kooni, hapa chini ya koromeo. Mwanzoni lilikuwa linanisumbua nikiwa sina kitu mdomoni, nikila linapotea. Kiungulia ninacho miaka mingi, nikapewa omeprazoli duka la dawa, nimemeza miezi miwili na kiungulia kimekwisha kabisa. Ila sasa wiki ya sita hii nyama na ugali vinakwama. Nasindikiza kwa maji, na mara mbili nimetoka mezani kwenda kulitapika tonge lenyewe. Uji na mtori vinapita. Mkanda nimeuongezea matundu mawili. Daktari ameandika niende KCMC kwa kipimo cha kamera, mke wangu anasema ni asidi ileile, tubadilishe dawa. Nifanye nini?

Babu_Ngasa: Pole mwanangu. Hicho ni kimeo kimerefuka. Kijijini kwetu kinakatwa asubuhi, jioni unakula makande.

Mama_Shani: Mimi nilikuwa na hilo tonge mwaka mzima kaka. Nilipigwa kamera, hawakuona kitu. Nikaacha kula usiku sana, nikainua kichwa cha kitanda, likaondoka lenyewe. Usijitie hofu, ni asidi na mawazo.

Sista_Endo: Dada Shani, chakula kilikuwa kinakukwama?

Mama_Shani: Hapana, kula nilikula vizuri tu. Tena nikila ndiyo napata nafuu.

Sista_Endo: Basi hapo ndipo mnapotofautiana. Nimefanya kazi chumba cha endoskopi miaka 9. Tonge la kuhisi tu, linalokuja na kuondoka na kutulia ukimeza chakula, mara nyingi ni asidi au misuli ya koo kukaza. Kaka wa Same alianza hivyo, lakini tatizo lake limebadilika: vigumu vinakwama, laini vinapita, na uzito unashuka. Hiyo ni dalili ya njia kuwa nyembamba. Na dawa imeshatoa jibu lake: asidi imetulia, ugali bado unakwama. Kubadilisha dawa ni kupoteza miezi mingine.

Usidanganyike na mahali unapopahisi. Mtu anaweza kuonyesha shingoni kumbe penye shida ni chini, katikati ya kifua. Ndiyo maana kumulika koo kwa tochi hakutoshi. Na babu, shikamoo, kimeo kining'inie vipi hakiwezi kuzuia nyama na kuacha uji. Kukikata kunaleta damu na maambukizi.

Dereva_wa_Same: Sista, niambie ukweli. Ni saratani?

Sista_Endo: Kwa maandishi yako siwezi kusema, na asiyeona ndani asikuambie. Asidi ya miaka mingi yenyewe huacha kovu linalobana umio, na kovu hilo hupanuliwa kwa kifaa, mtu akarudi kula. Saratani nayo huanza hivihivi, na ukanda wetu huu wa mashariki mwa Afrika inawapata hata watu wadogo kuliko wewe. Kwa macho tu vinaweza kufanana, kwa hiyo watachukua vipande vidogo vya nyama ya ndani vikapimwe maabara. Chai unakunywaje?

Dereva_wa_Same: Ya moto sana, moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Ndivyo tulivyozoea barabarani.

Sista_Endo: Anza leo kuiacha ipoe. Vinywaji vya moto sana, kuanzia nyuzi 65, vinahusishwa na saratani hiyo.

Kijana_Tegeta: Mimi niliambiwa niache omeprazoli wiki 2 kabla ya kipimo.

Sista_Endo: Hiyo ni kwa ajili ya kutafuta bakteria wa tumboni. Wengine wanataka uache, wengine wanakuacha uendelee. Piga simu kliniki uwaulize, usiamue mwenyewe.

Mchumi_Moro: Kwani hakuna picha ya eksirei ya kunywa ule uji mweupe? Mjomba alifanyiwa, hakuingiziwa mpira.

Sista_Endo: Ipo, na inaonyesha vizuri pale njia inapobana. Lakini haichukui nyama, kwa hiyo ikionyesha kitu utarudi kwenye kamera tu. Kaka, siku hiyo usile tangu usiku. Koo watalipulizia dawa ya ganzi, kipimo chenyewe ni kama dakika kumi. Wakikuchoma sindano ya usingizi usishike usukani siku hiyo, nenda na mtu. Kwa sasa kula laini, tonge dogo, na kikikwama usikilazimishe kwa maji mengi. Ukifika mahali hata mate hayapiti, usisubiri tarehe, nenda siku hiyohiyo.

Dereva_wa_Same: Nimemsomea mke wangu yote haya, amenyamaza, kisha akasema tutaenda wote. Nimepata Jumanne. Majibu ya vipande yanachukua muda gani?

Sista_Endo: Inategemea maabara, wiki moja, wakati mwingine mbili au zaidi. Usiondoke bila kuuliza tarehe na namba ya kupigia.