Nimeitwa mdanganyifu kwa sababu nafanya kazi usiku: maswali ya mtego kwenye dodoso za mtandaoni yanatutukana

Wakuu, nina hasira na nitaandika kirefu, mnivumilie.

Mimi ni nesi, na kwa muda mrefu sasa nimepangiwa zamu za usiku. Nimejiunga na paneli moja ya mtandaoni inayokulipa pointi kwa kujaza dodoso, ukizifikisha kiwango fulani unazigeuza kuwa hela ya simu. Jina lake siliweki hapa. Hela yenyewe ni kidogo, ila dodoso za afya nilikuwa nazipenda kwa sababu humo nina cha kusema.

Wiki iliyopita likaja dodoso la usingizi na uchovu wa wafanyakazi. Ndani yake kuna jedwali refu la kauli, kila kauli unachagua kuanzia "Sikubali kabisa" mpaka "Nakubali kabisa". Katikati ya jedwali kulikuwa na mstari unaosema: "Kuonyesha kwamba unasoma, hapa chagua Sikubali kabisa." Nikachagua. Huo sina ugomvi nao, umeniambia unachotaka na mimi nimetimiza.

Ukurasa uliofuata ukaja na hii: "Ninalala chini ya saa moja kwa usiku." Nikaweka "Nakubali". Nikiwa zamu usiku silali. Kuna dawa za saa sita, kuna dripu za kuangalia, kuna mgonjwa anayebadilika ghafla saa tisa. Mimi nalala mchana watoto wakishaenda shule. Ndiyo hali yangu, na nilidhani dodoso la uchovu kazini linatafuta watu wa hali hiyohiyo.

Nikaendelea mpaka mwisho, zaidi ya dakika 20, na pale palipotakiwa maelezo nikaandika aya nzima kuhusu zamu. Nikatuma. Jibu: "Majibu yako hayakufikia kiwango cha ubora. Hutalipwa." Baadaye akaunti ikawekewa onyo. Nilipouliza, nikaambiwa nimeshindwa swali la kupima umakini, kwa sababu hakuna binadamu anayelala chini ya saa moja kwa usiku.

Hakuna binadamu! Na manesi, walinzi, madereva wa malori, wauguza wagonjwa majumbani, sisi ni nani? Mtu amekaa ofisini akaamua kwamba maisha yangu hayawezekani, akayafanya kipimo cha uongo, kisha akanihukumu nayo bila hata kusoma ile aya niliyoandika chini. Kinachoniuma si pointi. Nimejibu kwa moyo mweupe na nimewekewa alama ya mdanganyifu.

Nataka kujua: nani anatunga haya maswali, na nani amempa ruhusa ya kumfukuza mtu kwa swali moja?

Chuma Pointi
Pole dada. Huo ni wizi wa mchana. Wanakuacha ujaze mpaka mwisho ndiyo wakuambie umefeli, majibu wanabaki nayo na hela hawatoi. Mimi nikiona swali la namna hiyo nabonyeza kinyume makusudi. Nimesoma vizuri, nimeelewa, ila sipangiwi jibu kama mtoto wa chekechea.

Mzee wa Kibaha
Hata mimi yamenikuta. Wananionyesha picha niguse zenye taa za barabarani, naambiwa nimekosea, na macho yangu haya. Watuwekee picha kubwa.

Nesi wa Zamu (mleta uzi)
Mzee wangu shikamoo. Hizo za picha zinazuia mashine zisiingie, ni jambo jingine. Mimi naongelea kauli zinazochanganywa na maswali ya kweli ili wakunase.

Fundi Takwimu
Kazi yangu ni kusafisha data za dodoso kabla hazijachambuliwa, ngoja nieleze ninachokijua.

Hiyo kauli yako ina asili. Mwaka 2012 Adam Meade na Bartholomew Craig walichapisha utafiti kuhusu watu wanaojaza dodoso bila kujali. Waliwapima wanafunzi wa chuo Marekani, na wakakadiria kwamba asilimia 10 hadi 12 walijaza ovyo. Katika kauli zao za mtego ilikuwepo hiyo ya kulala chini ya saa moja. Ilikuwepo nyingine inayosema "Kwa sasa natumia kompyuta", na nyingine kwamba mtu hula saruji mara mojamoja. Kwa wanafunzi waliokuwa wanajaza kwenye kompyuta hazikuwa na shida kubwa. Shida inaanza mtu anapozibeba na kuzimwaga kwa watu wengine bila kufikiri. Hapa kwetu wengi wanajaza kwa simu. Mtu mkweli akiulizwa kama anatumia kompyuta atasema hapana, na atakuwa amefeli kwa kusema kweli.

Na jambo hili limeshachunguzwa. Mwaka 2019 Paul Curran na mwenzake Hauser waliwataka watu waeleze kwa nini wamejibu walivyojibu kwenye kauli kama hizo. Waliokutwa wana sababu halali za jibu "lisilo sahihi" walikuwepo. Kauli mojawapo inasema mtu analipwa kila wiki mbili na vibwengo wa hadithi za Ireland. Sasa mtu anayelipwa kila wiki mbili anaishika sehemu hiyo ya malipo, anakubali. Amesoma na amefikiri. Kwa hiyo dada, ulichofanyiwa kina makosa, na wanaotunga dodoso walipaswa kulijua hilo.

Chuma Pointi, umesema nusu. Data za waliokataliwa kwa kawaida zinatolewa kwenye uchambuzi, mtafiti hazimfaidishi. Siwezi kuiapia kila paneli. Ila kumwacha mtu amalize dakika 20 ndipo umwambie kuhusu swali la ukurasa wa tatu, hapo uko sahihi, ni dhuluma. Na hiyo ya kujibu kinyume makusudi, mtambo hauoni hasira yako. Unaona mtu asiyesoma.

Mama Wawili
Fundi umetaja saruji nikashtuka. Niliitwa na rafiki nimjaribie dodoso la wajawazito kabla halijasambazwa. Kulikuwa na kauli "Huwa nakula udongo", nikaweka nakubali kabisa. Nikiwa na mimba ya pili nilikuwa nanunua ule udongo wa vipande sokoni kila nikipita. Kumbe ndiyo ilikuwa swali la mtego! Alitafuta kitu ambacho hakuna mtu anakila, akachukua udongo, akawapelekea wajawazito. Nikamwambia hili liondoe, utafukuza nusu ya kliniki.

Mwanafunzi wa Uzamili
Naona kila mtu anapiga mawe, na mimi niseme. Nilikusanya data mtandaoni kwa hela yangu mwenyewe. Mtu mmoja alijaza maswali sitini kwa dakika mbili, yote "Nakubali". Wengine walikuwa wanarudia kwa akaunti tofauti, majibu ya maandishi yanafanana neno kwa neno. Bila mitego ningeandika tasnifu ya uongo. Dada pole, lakini mtafiti naye ana haki. Wakweli wachache wakipotea ili data iwe safi, mimi naona ni bei inayolipika.

Nesi wa Zamu (mleta uzi)
Bei inayolipwa na nani? Sio wewe. Na hebu fikiri kidogo: hilo ni dodoso la usingizi. Wamewaondoa wasiolala usiku, halafu watahesabu wastani wa saa za kulala kwa waliobaki, watasema wafanyakazi wanalala vizuri. Mtu waliyekuwa wanamtafuta ndiye waliyemtupa.

Fundi Takwimu
Nesi amegusa penyewe. Mwaka 2014 Berinsky, Margolis na Sances walionyesha kwamba wanaoshindwa maswali ya umakini hawafanani na wanaofaulu kwa umri na mambo mengine. Ukiwafuta wote unabadilisha sampuli, huisafishi tu.

Mwanafunzi, tufanye hesabu ya mfano. Chukulia watu 1,000, na 100 kati yao wanajaza ovyo. Kauli ni kama hiyo ya usingizi, yenye chaguo tano, na mbili za "sikubali" ndizo zinazohesabiwa kufaulu. Anayebonyeza ovyo anafaulu kwa bahati mara mbili katika tano, hivyo unanasa 60 na 40 wanapita. Sasa kati ya wakweli 900, chukulia wanne katika kila mia wana sababu halali ya kukubali. Hao ni 36. Umewafukuza watu 96, na 36 kati yao hawana kosa. Zaidi ya theluthi.

Ukitaka mtu ashindwe maswali mawili ndipo aondolewe, wakweli wanaopotea wanashuka mpaka mmoja au wawili, ikiwa sababu za kukosea swali la kwanza hazihusiani na za swali la pili. Ila waliojaza ovyo unaowanasa wanashuka pia, kutoka 60 hadi 36. Hapo ndipo unaongeza dalili nyingine: muda wa kila ukurasa, msururu mrefu wa jibu moja, na maandishi yaliyonakiliwa. Yule wako wa dakika mbili angenaswa kwa saa peke yake, mtego wa nini?

Mwanafunzi wa Uzamili
Umesema "ikiwa hazihusiani". Mzee mwenye simu ndogo na macho hafifu atakosea yote mawili kwa sababu ileile.

Fundi Takwimu
Kweli kabisa, na kwa huyo sina jibu zuri. Kauli inayotoa agizo waziwazi inamsaidia kuliko kauli ya ajabu, lakini haimalizi tatizo. Mtandao wa Prolific, unaowatafutia watafiti watu wa kujaza dodoso, kwa mfano, katika kanuni walizochapisha wamesema kwa dodoso la dakika 5 au zaidi huwezi kumkataa mtu kwa kushindwa swali moja tu, na swali lisipime kumbukumbu. Hata hivyo kauli za ajabu wanaziruhusu, mradi jibu sahihi liwe moja lisilo na ubishi. Ubishi uko hapohapo: nani anaamua kwamba hakuna ubishi?

Chuma Pointi
Halafu ukishanaswa mara moja, dodoso linalofuata unajibu kwa wasiwasi. Kila kauli unaiona mtego. Hizo ndizo data safi?

Fundi Takwimu
Hilo watafiti hawajakubaliana. Hauser mwingine, si yule wa Curran, pamoja na Schwarz mwaka 2015 waliona mtego unawafanya watu wajibu maswali yanayofuata kwa namna tofauti. Wengine walipima vipimo vya kawaida vya saikolojia wasione madhara.

Nesi, andika rufaa. Taja namba ya dodoso, kauli yenyewe, na saa za zamu yako. Omba iende kwa mtafiti aliyelitunga, maana mara nyingi paneli inatekeleza tu alama aliyoiweka yeye.

Nesi wa Zamu (mleta uzi)
Nimeshaandika na nimeituma leo. Nimedai mambo mawili: onyo litoke kwenye akaunti, na majibu yangu yarudishwe kwenye hesabu. Nimewauliza pia ni wangapi wengine wameondolewa kwa kauli ileile na wangapi kati yao wamejaza kwamba wanafanya kazi usiku, kwa sababu hilo waliliuliza wenyewe ukurasa wa kwanza. Majibu yote mawili wanayo. Walinganishe.