Wazee kwenye hadithi yangu wote wamekuwa "Mzee", nisaidieni wana Tabora

Mwana_Uyui: Habarini wakuu. Naandika hadithi ya kijiji huku Unyanyembe, mwaka 1955, kuna kesi ya ng'ombe wamekula shamba la mtu. Mezani kwa hukumu wako mtemi, mwanangwa na babu mmoja wa kawaida, sasa nikisoma naona wote nimewaita Mzee Mihayo, Mzee Masanja, Mzee Kasuka, msomaji hajui nani mkubwa. Mlalamikaji anasema "Mzee Mihayo, wewe unasemaje?" na huyo Mihayo ndo mtemi! Nifanyeje?

Kigoma_Damu: Weka Mwami mzee, ndo cheo cha mtawala.

Bibi_wa_Sikonge: Mwami ni wa kwenu Buha, mwanangu, Unyamwezini ni mtemi. Halafu mtoa mada, kosa kubwa ni hilo jina. Mtu aliyekuja kushtaki hamtaji mtemi jina usoni, anasema "Mtemi" basi, tena haanzi na swali, anaanza na salamu ameinama. Mwanangwa ndo anasimamia kijiji chini ya mtemi, kwa hiyo kesi inapita kwake kwanza. Andika hivi: mlalamikaji anamwambia "Mwanangwa, nifikishie", mwanangwa anageuka, "Mtemi, huyu ana neno." Hapo msomaji kashajua ngazi bila wewe kueleza. Mzee mwachie Kasuka peke yake, huyo hana cheo, ana umri tu, na heshima yake ni hiyo.

Mwana_Uyui: Aisee asante sana bibi. Na "Chifu" je? Nimeiweka mdomoni mwa bwana shauri, yule ofisa wa serikali ya kikoloni.

Bibi_wa_Sikonge: Kwa bwana shauri sawa kabisa, ni neno la serikali. Mkulima akilisema kwenye kikao linagoma masikioni.

Dogo_Urambo: Ila jamani mi mama mkwe nikimwita mama anakasirika, anataka jina la mtoto wake wa kwanza, hii nayo inakuwaje?

Mpiga_Chapa: Dogo hiyo fungua uzi wako. Mtoa mada, angalia tu mwaka, machifu walifutwa 1963, ukisogeza hadithi mbele ya hapo mtemi hayupo tena, weka mwenyekiti.

Bibi_wa_Sikonge: Kufutwa kwa serikali sawa, ila mdomoni mwa watu hakufutika. Kwetu baba yangu aliendelea kusema Mtemi kwa yule mzee mpaka anazikwa, wakati huohuo mwenyekiti tunamwita Mwenyekiti. Wote wawili wanaweza kukaa benchi moja.

Mwana_Uyui: Nina mjukuu wa mtemi wa miaka sita anakuja kumkalia babu yake mapajani katikati ya kesi. Naye aseme Mtemi?

Bibi_wa_Sikonge: Hapana, huyo aseme Babu, wana utani wao. Ila mbele ya wazee wote kikaoni... mi ningemfanya mama yake amvute mkono kimyakimya.

Kigoma_Damu: Kwetu asingefika hata mlangoni.