Nambari 1 hadi 22, au makundi manne? Tarehe ni Maulidi, haisogei

mkunguni_04
Assalamu alaikum. Tunatengeneza mfumo wa kuhifadhi vyumba vya wageni hapa Amu. Tuko wawili, tuna wiki nne, yaani siku 40 za kazi. Wageni wa Maulidi hawatusubiri. Mwenzangu ataka tupange kazi zote 22 kwa nambari. Mimi nataka makundi manne: Lazima, Yafaa, Ikiwezekana na Si Safari Hii. Kipi bora? Lazima zetu:

vyumba na tarehe zilizo wazi, siku 8
kuhifadhi chumba, 7
kuzuia chumba kimoja kupewa wageni wawili, 5
M-Pesa inayojithibitisha yenyewe, 8
ripoti ya wenye nyumba, 4
kurasa za Kiingereza, 2

bintishela
Nambari. Kwenye makundi kila mtu atasema chake ni Lazima. Ukiandika 1 hadi 22 ubishi umekwisha.

fundi_wa_mifumo
Waalaikum salaam. Dada bintishela, hilo la kila kitu kuwa Lazima ni kweli kabisa, lakini nambari hailiponyi. Nambari yakwambia uanze na kipi. Haimwambii mwenye nyumba kama ya 13 ataipata au hataipata. Tarehe ikiwa haisogei, anachotaka kujua ni hicho. Gawa makundi kwanza, kisha panga nambari ndani ya kila kundi.

Mkunguni, jumlisha: Lazima zako ni siku 34 kati ya 40, asilimia 85. Mmoja akishikwa na homa siku nne, na makadirio yakazidi kidogo, Lazima yenyewe inaanguka. Desturi ya njia hii ni Lazima isipite asilimia 60, kwako siku 24. Ikiwezekana ipewe kama asilimia 20. Ndiyo akiba ya kutupa baharini upepo ukikaza.

Usiulize "hiki ni muhimu?" Uliza: usiku wa kuamkia uzinduzi hiki hakipo, tunaahirisha? M-Pesa: mgeni alipe kwa simu, aandike msimbo wa muamala, mwenye nyumba ahakikishe. Hiyo ni siku 2. Ya kujithibitisha iende Yafaa. Ripoti nayo Yafaa, wapigiwe simu. 34 toa 8, toa 4, ongeza 2: 24.

nahodha_malindi
Mimi nilipanga hivi ukarabati wa mashua yangu, na hadi leo Ikiwezekana hazijafanywa.

fundi_wa_mifumo
Kaka, mashua yako ilikuwa na siku ya kushuka majini? Bila siku, makundi hayana nguvu. Hapo nambari za dada zatosha.

mkunguni_04
Shukran. Na Si Safari Hii, tuifute?

fundi_wa_mifumo
Iandike, mwenye nyumba aione na akubali. Isipoandikwa, wiki ya tatu itarudi kwa jina jingine.

bintishela
Na Kiingereza? Wageni wengi wa Maulidi ni Waswahili wenzetu. Kwangu hiyo si Lazima.

mkunguni_04
Wenye nyumba wawili wamekataa kuiondoa. Twakutana nao Alhamisi.