Naomba kueleweshwa: singo, dabo, trebo na mkeka mrefu, hela inatembeaje?

MwanaMajengo
Wakuu, habari za jioni. Niko hapa Dodoma mjini, sijawahi kubeti. Leo nilisimama kwenye kibanda karibu na soko la Majengo nikachagua mechi tatu: Yanga ashinde odi 1.40, Azam ashinde 1.80, na Dodoma Jiji ashinde hapa Jamhuri kwa 2.50. Dada wa dirishani akaniuliza, "Moja moja au uziunganishe? Moja moja utalipa elfu tatu, ukiunganisha elfu moja inatosha." Nikashindwa kujibu, nikaondoka. Tofauti ni nini hasa? Na hiyo elfu moja inagawanywa kwenye mechi tatu au inakuwaje?

Kijana wa Kongwa
Rahisi sana mkuu. Unajumlisha odi: 1.40 na 1.80 na 2.50 ni 5.70. Ukiweka elfu moja unachukua 5,700. Unganisha tu, kwa nini ulipe elfu tatu?

Mzee wa Nkuhungu
Kijana wangu wa Kongwa, 5,700 ipo kweli, ila si ya mkeka wa kuunganisha. Hiyo ndiyo jumla ya singo tatu za elfu moja moja zikiingia zote: 1,400, 1,800 na 2,500. Na umeshalipa 3,000, kwa hiyo faida ni 2,700.

Ukiunganisha, odi zinazidishwa. Mwanangu wa Majengo, elfu yako haigawanywi. Yote inaingia kwanza kwa Yanga. Akishinda inakuwa 1,400, dau lako likiwa humo humo. Ungeishia hapo, hiyo ni singo. Kwenye dabo hiyo 1,400 hupewi mkononi, inahamia yote kwa Azam kama dau jipya: mara 1.80, inakuwa 2,520. Kwenye trebo 2,520 yote inahamia kwa Dodoma Jiji: mara 2.50, unapata 6,300. Mechi nne, tano, kumi, mwendo ni ule ule.

Sasa tazama hapo mwisho. Dodoma Jiji wakitoa sare, kinachoondoka si ile elfu tu. Ni 2,520 iliyokuwa imeshajikusanya, nawe unabaki na sifuri. Kwa singo tatu, sare hiyo hiyo ingekuachia 3,200 ya Yanga na Azam, yaani 200 juu ya ulicholipa.

MwanaMajengo
Shikamoo mzee, hapo nimeanza kuona. Na zikichezwa saa moja zote? Hela inahamaje wakati mechi ya kwanza haijaisha?

Mzee wa Nkuhungu
Marahaba. Mfuatano hauna kazi. Anza na Dodoma Jiji: 2,500, kisha 4,500 kwa Azam, kisha 6,300 kwa Yanga. Ni kuzidisha tu, mwisho ni ule ule.

Mama Mpwapwa
Mimi mechi yangu moja iliahirishwa sababu ya mvua, kampuni ikanilipa pungufu ya ilivyoandikwa kwenye mkeka. Nikajua nimeibiwa.

Mzee wa Nkuhungu
Pole dada, ila hesabu yake huwa hivi: mechi iliyofutwa inapewa odi 1.00, hela inapita bila kuongezeka wala kupungua. Kwenye mfano wetu Azam ikifutwa, trebo inageuka dabo: 1,400 mara 2.50, unalipwa 3,500. Zidisha odi zilizobaki kwenye karatasi yako. Ikipungua tena baada ya hapo, angalia kodi ya ushindi, huwa inakatwa.

Mama Mpwapwa
Lakini ilichezwa siku mbili baadaye, na timu yangu ikashinda!

Mzee wa Nkuhungu
Hapo kila kampuni ina muda wake wa kusubiri, uko kwenye masharti yao. Bila kuyaona siwezi kukuambia nani ana haki.

Kijana wa Kongwa
Sawa mzee, kuzidisha nimekubali. Basi si ndiyo sababu ya kuweka timu kumi? Elfu moja inazaa laki.

Mzee wa Nkuhungu
Kinachozidishwa si ushindi peke yake. Chukua tukio la nusu kwa nusu, odi ya haki ni 2.00. Kampuni inakupa 1.90, hiyo 0.10 ni yake. Kwa singo ya elfu moja unapoteza 100 tu ya malipo. Unganisha matano ya namna hiyo: haki ilikuwa 32,000, wewe utalipwa kama 24,760. Kila mechi unayoongeza inakata tena kwenye kile kilichokwisha kukatwa.

Kijana wa Kongwa
Kwa hesabu umenishika. Lakini singo ya 1.40 inaniletea 400, ya nini sasa? Mimi bado naona tano zina raha yake.

MwanaMajengo
Kesho nitamjibu yule dada: dabo, Yanga na Azam, elfu moja. Malipo yaandikwe 2,520 kabla ya kodi. Yakiandikwa tofauti silipi mpaka anioneshe odi alizoingiza.