Marekebisho 11, skrinshoti 4: maelezo yakae juu ya picha au kwenye barua?

Kalamu7: Wakuu, mteja wa tovuti ameomba marekebisho 11. Nimepiga skrinshoti 4, sasa namwandikia barua kumweleza nilichobadilisha na nilichoacha. Maelezo niyaandike juu ya picha yenyewe, au niweke namba tu kwenye picha na maelezo yakae kwenye barua?

Dizaina_wa_Usiku: Juu ya picha. Mteja hasomi barua, anaangalia picha. Mimi naweka mishale myekundu, namaliza.

BiMichoro: Marekebisho mawili matatu, sawa. Yakiwa 11, maandishi yanafunika kile kile unachomwonyesha. Halafu akifungua kwenye simu picha inasinyaa, herufi hazisomeki, ila namba ndani ya duara bado inaonekana.

Namba zenyewe zisianze upya kila picha. Ya kwanza ikiishia 4, ya pili ianze na 5. Niliwahi kuanza upya, mteja akajibu, "Ya 3 irudishe ilivyokuwa." Namba 3 zilikuwa tatu! Nikarudisha isiyo yenyewe, jioni nzima ikapotea. Na raundi ya pili, kama 6 imefutwa, acha pengo. Ukizisogeza, ujumbe wake wa juzi utakuwa unazungumzia kitu kingine.

Mzee_Nembo: Wangu alifika raundi ya tano na hajalipa mpaka leo. Nyinyi mnaweka kikomo cha raundi kwenye mkataba?

Kalamu7: Pole mzee, ila hiyo ifungulie uzi wake. BiMichoro, na lile ninalotaka kulikataa? Anataka maandishi ya chini yawe kijivu hafifu, #999999 juu ya nyeupe.

Dizaina_wa_Usiku: Mfanyie anavyotaka, usijichoshe.

BiMichoro: Usilichanganye na yaliyokwisha, atalipita bila kuliona. Weka vipande viwili vya skrinshoti ubavu kwa ubavu, 7A na 7B, ukubwa uleule. Usikate kwa kubana sana, abaki anaona ni sehemu gani ya ukurasa. Mimi ningeandika hivi:

"Namba 7 sijaikamilisha, nasubiri uamuzi wako. 7A ni kijivu ulichoomba. Utofauti wake na nyeupe ni 2.85:1, na WCAG, mwongozo wa kufanya tovuti zisomeke na watu wote, kwa ngazi ya AA unataka angalau 4.5:1 kwa maandishi ya kawaida. Mwenye macho dhaifu, au anayesoma simu juani, atapata shida. 7B ni #767676, kijivu hafifu kuliko vyote vinavyofikia kiwango hicho. Nijibu 7A au 7B."

Dizaina_wa_Usiku: Atachagua 7A, utaona.

BiMichoro: Achague, tovuti ni yake. Akija kulalamika kwamba haisomeki, barua ipo.

Kalamu7: Naenda na namba. Ila mishale miwili nitaiacha, ile ya menyu inayojificha. Duara pekee haionyeshi inafungukia upande gani.

Dizaina_wa_Usiku: Si nilisema!