Betri ya laptopu: ya kung'olewa, "mpya" ya boksi au ya kampuni nyingine? Picha zipo

Mtoto_wa_Temeke
Wakuu, habari za jioni. Betri ya laptopu yangu imekufa, ukichomoa chaja tu inazima. Leo nimezunguka Kariakoo nimepata tatu. Ya kwanza elfu 60, muuzaji anasema ni orijino, imetolewa kwenye mashine ya mtumba. Ya pili laki na kumi, mpya ndani ya boksi, nayo anaapa ni orijino. Ya tatu elfu 75, mpya, ina jina la kampuni nisiyoijua na dhamana ya miezi sita. Nimezipiga picha zote. Ipi feki? Kesho nanunua.

Kipanga_88
Laptopu gani? Hujasema. Na hizo picha ulipiga ukiwa kwenye bodaboda? Hakuna namba hata moja inayosomeka.

Bi_Kisauni
Kaka, picha za nini? Ingia Settings, General, kisha About, simu yenyewe itakwambia. Yangu ilibadilishwa betri hapa Mombasa ikaandika Unknown Part, na fundi aliniapia mpaka kwa jina la mamake kwamba ameitoa kwenye iPhone nyingine.

Kipanga_88
Dada, mwenzio anaulizia laptopu.

Fundi_Mbagala
Na huyo fundi wa Mombasa huenda hakudanganya. Betri halali ikihamishwa kutoka iPhone moja kwenda nyingine inaweza kuleta ujumbe huo huo. Simu inasema haiwezi kuithibitisha, haijasema ni feki. Mleta mada, tupe modeli na picha za maana.

Mtoto_wa_Temeke
Samahani wakuu. Ni HP EliteBook 840 G3, betri CS03XL. Muuzaji jirani yangu, nimemfuata nyumbani nikapiga upya.

Fundi_Mbagala
Sasa zinasomeka. Nianze na ya boksi. Lebo inasema 11.4V, 4800mAh, 46.5Wh. Hizo namba tatu lazima zikubaliane, gawa mAh kwa elfu, zidisha kwa volti, upate Wh: 11.4 mara 4.8 ni 54.7, wala haikaribii 46.5. Tofauti ndogo huwa ipo, hii si ndogo. Aliyeichapa kanakili Wh kutoka lebo ya HP, halafu kapandisha mAh ili mteja aone kapata kubwa. Ya kung'olewa inasema 4080mAh, na 11.4 mara 4.08 inakupa 46.5 yako. Hilo halithibitishi uhalali, maana lebo nzima inaweza kunakiliwa vizuri. Ila hesabu ikigoma, hapo umeshapata jibu.

Ya kung'olewa nipigie tena. Usiwashe flashi, lebo inang'aa na herufi zinapotea. Iweke karibu na dirisha, simu iwe juu yake sawasawa. Nataka kona za lebo kwa karibu: ukiona ukingo wa lebo nyingine kwa chini, au gundi imechungulia pembeni, imevalishwa nguo mpya. Halafu pale skrubu zinapokaa na kwenye meno ya kiunganishi. Betri iliyowahi kufungwa ina mikwaruzo hapo. Kwa ya mtumba ni sawa, lakini inayoitwa "mpya" ikiwa nayo, ni ya zamani iliyobandikwa lebo.

Mwisho piga ubavu. Ilaze kwenye meza iliyonyooka, weka rula juu ya seli moja, shusha simu mpaka usawa wa meza. Rula ikigusa katikati na mwanga ukapita pembeni, seli imeanza kuvimba.

nyuki_mkali
Mnamzungusha bure. Feki zote nyepesi, mpe mzani. Na iliyovimba ni feki moja kwa moja, orijino haivimbi.

Fundi_Mbagala
Mzani unasaidia kwenye zile seli za duara za pawabenki, ambako watu hujaza hata mchanga. Hii ina seli bapa tatu, na feki yake inaweza kulingana na halali kwa uzito. Kuhusu kuvimba hapana kabisa. Gesi inatokana na kemikali za ndani kuvunjika kwa joto, umri na kukaa imejaa muda wote. Galaxy Note 7 za 2016 zilirudishwa kiwandani kwa kushika moto, na betri zake zilikuwa orijino, zimetoka nazo kiwandani.

nyuki_mkali
Hiyo simu ilikuwa kosa la kiwanda, usichanganye mambo.

Fundi_Mbagala
Ndiyo maana nimeitaja. Kosa la kiwanda halali.

Mama_Stesheni
Mimi nisikilizeni kidogo. Nina steshenari, laptopu ya kuchapia kazi za wateja inashinda kwenye chaja toka asubuhi mpaka nafunga. Niliwekewa betri "mpya" duka moja, ina kistika cha kung'aa na kila kitu. Ilikaa vizuri miezi kadhaa. Kisha tachipadi ikaanza kuwa ngumu, ukibonyeza haiingii. Kijana wangu akasema ni vumbi, akawa anaibonyeza kwa nguvu. Baadaye nikaona laptopu inacheza mezani kama kiti chenye mguu mfupi, mfuniko wa chini umetuna. Fundi mwingine alipofungua, seli ya katikati imejaa kama mto, imesukuma tachipadi kutoka chini. Lebo ya juu ilikuwa imebanduka kona, na chini yake ipo ya rangi nyingine. Niliporudi dukani wakaniambia nimeichaji sana. Betri si ya kuchaji?

Kipanga_88
Pole mama. Ndiyo maana mimi nachukua ya tatu macho yamefumbwa. Ina jina lake, haijifanyi HP, na ikisumbua unajua pa kuirudisha.

nyuki_mkali
Dhamana ya Kariakoo ni mpaka ukunje kona.

Mtoto_wa_Temeke
Picha hizo hapo. Lebo ni moja, mikwaruzo ipo kwenye skrubu, rula imelala vizuri. Si nichukue hii tu?

Fundi_Mbagala
Kwa macho inaonekana halali. Lakini halali iliyochoka bado imechoka, na picha haioni ndani. Mwambie muuzaji aifunge kwenye mashine, aijaze mpaka mwisho, kisha kwenye Command Prompt aandike:

```
powercfg /batteryreport
```

Litatoka faili la battery-report.html. Soma DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY.

Mtoto_wa_Temeke
Imetoka 46,512 mWh na 29,300 mWh.

Fundi_Mbagala
Imebaki asilimia 63. Halali, lakini ya kuzeeka. Elfu 60 ni nyingi, mpe 35.

Kipanga_88
Ya tatu nayo ipimwe hivyo hivyo, tulinganishe.

Fundi_Mbagala
Ipimwe, ila kwa kiasi. Chipu ya betri inaandika inachoambiwa. Namba mbili zikifanana mpaka tarakimu ya mwisho na zisishuke hata baada ya wiki za matumizi, usiziamini. Washa video, mwanga nusu, uhesabu saa mpaka izime.

Mama_Stesheni
Na ile yangu iliyovimba bado iko kwenye droo. Niitupe wapi?

Fundi_Mbagala
Itoe kwenye droo leo, mama. Isichomwe, isitobolewe, isirudishwe kwenye chaja. Iweke kwenye bati lenye mchanga mkavu, nje, mbali na karatasi zako. Mafundi wengine wanajua wanaokusanya taka za umeme, uliza.

Bi_Kisauni
Jamani, simu yangu mfuniko wa nyuma umeanza kuinuka upande mmoja. Nimeupiga picha. Nikiubana na raba utarudi?

Kipanga_88
USIBANE. Izime kwanza.

Mtoto_wa_Temeke
Muuzaji amekataa 35, anasema mwisho 50. Nikitumia chaja tu bila betri kuna shida gani?

nyuki_mkali
Hakuna shida. Mpaka umeme ukatike.